Ng'ombe Hawarudi: Kesi ya Mifumi na Mahari ya Ndoa Iliyovunjika

Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda ilitoa hukumu ambayo watu wengi waliisikia nusu. Mpaka leo utakutana na mtu anayekuambia kwa uhakika kwamba Uganda mahari imepigwa marufuku. Haijapigwa. Kilichokatazwa ni mume wa ndoa ya kimila kudai arudishiwe mahari pale ndoa inapovunjika. Kutoa mahari kuliachwa kama kulivyokuwa. Ni mambo mawili tofauti, na majaji waliyatenganisha kwa sababu maalumu: walilazimika kwanza kusema mahari ni kitu gani mbele ya sheria, kisha ndipo wakaweza kusema kama kinarudi au hakirudi.

Shirika lililoipeleka kesi hiyo mahakamani linaitwa Mifumi, na chimbuko lake ni Tororo, mashariki mwa Uganda, jirani na mpaka wa Kenya. Kazi yake ya kila siku ni kusaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Katika kazi hiyo kulikuwa na jambo lililojirudia: mwanamke anaeleza alivyoumizwa, anaulizwa kwa nini haondoki, naye anajibu habari za ng'ombe. Mwaka 2007 Mifumi na wenzake kumi na wawili wakafungua Shauri la Kikatiba Na. 12, wakiomba Mahakama ya Katiba itamke kwamba desturi ya kudai mahari kama sharti la ndoa, na desturi ya kudai irudishwe ndoa inapokufa, zote mbili zinapingana na Katiba ya 1995.

Kabla ya kuingia mahakamani ni vizuri kuona ng'ombe wenyewe wanavyozunguka, maana hapo ndipo uchungu ulipo. Tuchukue familia ya mfano. Binti anaolewa akiwa na miaka ishirini. Upande wa mume unaleta ng'ombe sita, mbuzi wanne na fedha kidogo za mama. Wazee wa pande zote mbili wanahesabu, wanakubaliana, wanakula. Ng'ombe hao hawabaki zizini. Ndani ya miaka miwili kaka yake binti naye anataka kuoa, na baba anatoa wanne kati ya wale sita kuwapeleka kwa wakwe wengine. Mmoja anakufa kwa ugonjwa. Wa sita anauzwa mtoto wa mwisho alipokosa karo ya shule.

Mwaka wa tisa binti anarudi kwao usiku, uso umevimba, ana mtoto mgongoni na wawili wanamfuata. Anataka ndoa iishe. Kwa mila za sehemu nyingi za eneo hilo, ndoa haiishi kwa mke kuondoka, hata kama amepigwa. Inaisha mahari inaporudi. Mpaka hapo yeye bado ni mke wa yule bwana. Akipata mwanamume mwingine, huyo mwingine ni mgoni na anaweza kudaiwa fidia. Akizaa huko aliko, upande wa mume wa kwanza una hoja ya kumdai mtoto, kwa kuwa ng'ombe wake bado wako kwa wakwe.

Wazee wa mume wanakuja, na madai yao ni yale yale: sita, wanne, na fedha. Sehemu nyingine watapunguza kidogo kwa ajili ya watoto waliozaliwa. Sehemu nyingine hawapunguzi, na wapo wanaodai hata ndama. Baba yake binti anatazama zizi tupu. Njia pekee ya kupata wale wanne ni kuwafuata kwa wakwe wa mwanawe wa kiume, yaani kuvunja ndoa ya pili ili kuzika ya kwanza. Basi kaka mtu anakaa na ndugu yake na kumwambia kwa upole kabisa, "Dada, rudi tu kwako. Ng'ombe tutawatoa wapi?"

Hakuna mtu mbaya katika sentensi hiyo. Ndiyo maana nasema ni kosa kuielewa kesi ya Mifumi kama ugomvi wa wanawake na wanaume wakorofi. Mashine yote inafanya kazi hata kama kila mmoja ana nia njema, na mzigo wake unamwangukia mtu mmoja ambaye hakupokea hata mkia wa ng'ombe: binti mwenyewe. Hakukaa kwenye mazungumzo ya mahari, hakukabidhiwa mnyama, hakumtumia, lakini mwili wake ndio uliowekwa rehani.

Shauri lilisikilizwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ikalitupa kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya mmoja. Wengi walisema, kwa kifupi, kwamba Katiba inalinda utamaduni pia, kwamba mtu mzima anayekubali kuolewa kwa mahari amekubali, na kwamba mume anayempiga mkewe ana kesi ya jinai ya kujibu iwe alitoa mahari au hakutoa. Hoja hii ya mwisho ina nguvu kuliko inavyoonekana. Kipigo kipo pia kwenye nyumba ambazo mahari haikutolewa, kwa hiyo huwezi kusema tu kwamba mahari ndiyo inayoleta kipigo. Jaji Amos Twinomujuni alijitenga na wenzake kwenye jambo moja: kurudisha. Yeye aliona kwamba hata ukiiacha mahari yenyewe, kuirudisha ndoa inapovunjika hakuwezi kukaa pamoja na Katiba. Miaka mitano baadaye mtazamo wake huo wa peke yake ndio ulioshinda.

Mifumi walikata rufaa, Rufaa ya Kikatiba Na. 2 ya 2014. Kulikuwa na kikwazo kimoja cha utaratibu ambacho watu wasio wanasheria hukipita, ila chafaa kutazamwa kidogo. Mahakama zetu nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza huiona mila kama jambo la kuthibitishwa kwa ushahidi. Ukitaka kusema "mila ya watu fulani iko hivi," ulete wazee waje waseme. Uganda ina makabila mengi na kila moja lina mahari yake. Je, utawaita wazee wa kila kabila? Mahakama ya Juu ilisema hakuna haja. Desturi ya mahari inajulikana na kila mtu Uganda, na mahakama inaweza kuitambua yenyewe bila kuletewa shahidi. Bila hatua hiyo kesi ingekwama kwenye maelezo ya kijiji kimoja.

Hukumu kuu iliandikwa na Jaji Jotham Tumwesigye. Kuhusu mahari kama sharti la ndoa, alikataa rufaa. Ibara ya 31(3) ya Katiba inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya mwanamume na mwanamke wanaooana, na Mifumi walisema hiari hiyo inachafuliwa wazazi wanapopewa nafasi ya kusema "hakuna ng'ombe, hakuna ndoa." Jibu la mahakama lilikuwa kwamba wawili watu wazima wasiotaka mahari wana milango mingine: kanisani, msikitini, kwa msajili wa ndoa. Aliyechagua mlango wa mila amechagua na masharti yake.

Kuhusu kurudisha, alikubali. Sababu zake zilikuwa mbili, na zinafaa zisomwe kila moja peke yake. Ya kwanza ni heshima ya mwanamke. Ukirudishiwa ulichotoa baada ya kukaa na mtu miaka tisa, maana yake ni kwamba yeye ni bidhaa iliyorudishwa dukani, na kwamba miaka yake, kazi yake shambani na watoto aliowazaa havikuhesabika. Ibara ya 31(1)(b) inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja, lakini kwa desturi hii mmoja anaweza kuondoka bure na mwingine hawezi kutoka bila familia yake kulipa. Ibara ya 33(6) nayo inakataza mila inayodhalilisha wanawake. Sababu ya pili ni wazazi. Jaji aliona si haki kuwadai watu mali waliyoipokea zamani, ambayo kwa akili ya kawaida hawawezi kuwa wameihifadhi wakisubiri siku ya kuirudisha. Na hofu ya deni hilo ndiyo inayomfunga binti kwenye ndoa inayomuumiza.

Matokeo yalikuwa sita kwa mmoja. Aliyebaki peke yake ni Jaji Esther Kisaakye, na yeye alitaka kwenda mbali zaidi: hata kuifanya mahari kuwa sharti la ndoa ya kimila, alisema, kunakiuka Katiba. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyefuata hoja mpaka mwisho wake. Kusema mtu ana mlango wa kanisani ni rahisi kwenye karatasi. Kijijini, binti ambaye baba yake amekataa kwa sababu ng'ombe hawajatosha haendi kwa msajili wa ndoa mjini. Anakaa nyumbani, au anatoroshwa na kuishi na mume bila kutambuliwa na upande wowote.

Hapo tunafika kwenye swali lenyewe la sheria. Mali inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, sheria itaiita kwa jina moja kati ya machache. Inaweza kuwa bei: nimelipa, nimepata kitu, nikikosa kitu narudishiwa fedha. Inaweza kuwa zawadi: nimetoa, imekwenda, sina dai. Inaweza kuwa zawadi yenye sharti: nimetoa kwa ajili ya jambo fulani litokee, lisipotokea narudishiwa. Au inaweza kuwa dhamana: imekaa kwako ili kuhakikisha mambo yanakwenda sawa, na yakiharibika inachukuliwa kulingana na aliyeharibu.

Wakoloni walichagua jina la kwanza. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo iliyoamuliwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, Jaji Mkuu Hamilton alisema ndoa ya kimila ni ununuzi wa mke, na kwa hiyo mke wa namna hiyo hapati kinga wanayopata wanandoa ya kutotoa ushahidi dhidi ya wenzao. Ona jinsi jina lilivyozaa matokeo. Kwa kuita mahari bei, mahakama iliifuta ndoa yenyewe machoni pa sheria ya ushahidi, na mwanamke akapandishwa kizimbani kumshuhudia mumewe.

Wazee wenyewe, ukiwasikiliza, huzungumza zaidi kwa lugha ya dhamana. Mahari imeunganisha koo mbili, kila upande una cha kupoteza, na kila upande una sababu ya kuwasuluhisha vijana wakikosana. Ndiyo maana mila nyingi zilikuwa zinauliza nani amekosa kabla ya kusema ng'ombe warudi wangapi. Kwa nadharia ni mfumo wenye busara. Tatizo ni kwamba dhamana hufanya kazi kama mali bado ipo. Ng'ombe wakishaondoka zizini, kinachobaki kushikiliwa ni binti.

Mahakama ya Juu ilichagua zawadi. Mahari, kwa mtazamo wa Tumwesigye, ni alama ya shukrani na heshima kwa wazazi, na shukrani haidaiwi irudi. Chaguo hilo linaondoa dai la mume kwa namna safi kabisa. Lakini linaacha ufa, na Kisaakye aliuona: zawadi gani hiyo inayopangwa idadi mezani, na ambayo bila hiyo hakuna ndoa? Kama ni zawadi, isiwe sharti. Kama ni sharti, si zawadi. Majaji sita waliiita zawadi kwenye kutoka na wakaiacha iwe sharti kwenye kuingia.

Turudi kwa binti wetu wa mfano, tumwangalie baada ya 2015. Wazee wa mume wakija na hesabu yao, baba yake anaweza kuwajibu kwamba sheria haimdai. Wakienda mahakamani kudai ng'ombe sita, mahakama haina cha kuwapa. Ndoa ya binti inaweza kuvunjwa bila kungoja zizi lijae. Hapo ndipo ushindi wake unapoishia. Hukumu haikuweka adhabu kwa anayedai, kwa hiyo mzee anayekuja kupiga kelele uani hajatenda kosa la jinai kwa kudai tu; akitishia au akichukua mnyama kwa nguvu, hapo ndipo anashitakiwa kwa kutishia au kwa kuchukua. Na baba anayerudisha ng'ombe ili kununua amani kijijini hakuna polisi atakayemzuia. Kuna wanaofanya hivyo wakijua sheria vizuri, kwa kuwa wataendelea kuonana na wakwe wale sokoni na msibani.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa na hili. Hukumu inazungumzia ndoa iliyokuwepo ikavunjika. Haizungumzii uchumba uliokufa kabla ya ndoa. Kijana aliyetoa ng'ombe watatu, kisha binti akaolewa na mwingine mwezi unaofuata, yuko kwenye swali tofauti kabisa, na hapo zawadi yenye sharti ndilo jina linalofaa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaonyesha tofauti hiyo wazi kuliko nyingine ninazozijua. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza matakwa mengine ya sheria ni halali hata kama desturi ya mahari haikufuatwa. Yaani mahari Tanzania si sharti la uhalali wa ndoa. Jambo ambalo Kisaakye alilitaka Uganda, Tanzania ilikuwa nalo kwenye maandishi tangu 1971. Kisha kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, pale mahakama itakaporidhika kwamba mtoaji alikusudia zawadi hiyo itegemee ndoa kufungwa. Kifungu kinamalizia kwa kusema si vinginevyo, na maneno hayo ndiyo yanayowaangusha wadai wengi. Lazima uthibitishe nia. Mahari iliyokabidhiwa na mshenga mbele ya mashahidi, ikaandikwa kwenye daftari kwamba ni ya posa ya fulani, ina nia iliyo wazi. Simu mpya uliyomnunulia mchumba siku ya kuzaliwa kwake, au vocha na nauli za miezi kumi, hizo ni zawadi za mapenzi na zimekwenda. Nimeona watu wakileta orodha iliyochanganya vyote hivyo, soda mpaka ng'ombe, na orodha ya namna hiyo huharibu hata dai lililokuwa zuri.

Kwa wasomaji wa pwani lazima niongeze kwamba mahari ya Kiislamu inafuata mantiki nyingine, na kuichanganya na ng'ombe wa Tororo ni kosa. Huko mahari ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba wala ya kaka. Mume akimwacha baada ya kukaa naye hana haki ya kuichukua, na kama kuna sehemu iliyokuwa haijalipwa inabaki deni shingoni mwake. Akimwacha kabla ya kumwingilia, na kiwango kilikuwa kimetajwa, mke anapata nusu. Mahari hurudi pale mke anapoomba kutoka yeye kwa njia ya khului, akajikomboa kwa kutoa alichopewa, kama mke wa Thabiti bin Qaisi alivyorudisha bustani. Lakini hata hapo tofauti ni kubwa: anayerudisha ndiye aliyepokea, na anarudisha chake. Hoja ya Tumwesigye kuhusu wazazi waliotumia mali zamani haigusi hali hiyo, na hukumu ya Mifumi ilihusu ndoa za kimila.

Kenya ilipita njia ya pembeni. Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 43, inasema pale ambapo mahari inahitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo ya ishara inatosha. Mbuzi mmoja aliyepokewa kwa makubaliano anaweza kumfanya mwanamke awe mke halali wakati wa mirathi. Ni ushindi mkubwa kwa wajane, ambao zamani waliambiwa mahari haikukamilika kwa hiyo hawakuolewa.

Na habari ya mahari isiyokamilika ndiyo iliyobaki wazi Uganda baada ya hukumu. Mume hawezi tena kudai irudi, sawa. Je, wakwe wanaweza kudai salio? Ile dhana ya zawadi, ikifuatwa kwa uaminifu, ingesema hapana: zawadi iliyoahidiwa na haijatolewa kwa kawaida haidaiwi mahakamani. Lakini kwa kuwa mahakama iliiacha mahari kama sharti la ndoa ya kimila, salio bado lina meno. Zipo jamii pande hizo ambako mke akifa kabla mahari haijakamilika, ndugu zake hukataa mume asimzike mpaka alete, na mjane wa kiume huonekana akitafuta ng'ombe wa mkopo huku maiti ikiwa mochwari. Anayetaka kulipinga hilo atahitaji kufungua shauri jipya, na pa kuanzia pazuri ni hukumu ya Kisaakye.